Nina kigugumizi, na jina langu ndilo linalonishinda

Swali

Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26 na nina kigugumizi tangu utoto. Nimeajiriwa kuwa afisa mikopo katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na wiki tatu zijazo kutakuwa na mkutano mkuu ambako kila mtumishi mpya atasimama na kujitambulisha. Katibu ameniomba niseme jina, kwetu, elimu na kazi nitakayofanya. Nimeandika hivi: “Kwa majina naitwa Pendo Kashindi. Kwetu ni Kasulu, mkoani Kigoma. Taaluma yangu ni uhasibu, niliyoisomea Tabora. Kazi yangu katika chama itakuwa kupokea na kukagua maombi ya mikopo ya pembejeo.”

Nikiwa chumbani peke yangu ninayasema yote bila kukwama. Mbele ya watu, herufi P, T na K hunifunga kabisa, midomo inakaza na sauti haitoki. Jina langu ndilo baya kuliko yote. Nimezoea kukwepa maneno kwa kutafuta mengine, na mara kadhaa nimejitambulisha kwa jina langu la ubatizo, Anna, ingawa hakuna anayeniita hivyo. Je, nitumie Anna mkutanoni? Na haya maneno mengine niyabadilishe vipi? Mama anasema nivute pumzi ndefu kwanza, lakini naona haisaidii.

Pendo (jina na mahali vibadilishwe, ila herufi za mwanzo zibaki)

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na Anna, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloongoza mengine yote. Usilitumie. Wakulima wale utakuwa nao ofisini msimu mzima, wenzako wanakuita Pendo, na fomu za mikopo utazitia sahihi kwa jina la Pendo. Ukisimama ukasema Anna, utakuwa umejinunulia dakika moja ya nafuu kwa deni la kueleza kila siku kwa nini una majina mawili. Tena kuna hasara isiyoonekana kwa macho: kila unapolikimbia jina lako na kupata nafuu, mwili unajifunza kwamba hatari ilikuwa kweli na kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na hivyo safari ijayo hofu ya Pendo inakuwa kubwa zaidi. Jina lina ugumu wa pekee kwa watu wengi wenye kigugumizi, kwa kuwa ni neno lisilo na mbadala, na kila anayekusikiliza anajua kwamba hukuhitaji kufikiri ili kulikumbuka. Ukisitasita kwenye neno lingine watu watadhani unatafuta neno linalofaa, jambo ambalo kwenye jina halifikiriki.

Hata hivyo sikatai kubadilisha maneno. Ninatofautisha kubadilisha unakofanya mezani ukiwa umetulia, kwa kalamu, na kubadilisha unakofanya katikati ya sentensi ukiwa umeona P inakuja na moyo unadunda. Kwa aina ya kwanza unaandika hotuba vizuri, kama afanyavyo kila mzungumzaji makini. Aina ya pili ni ukwepaji, nao ndio unaolisha kigugumizi. Mfalme George wa 6 wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi, alisaidiwa kwa namna ya kwanza na mtaalamu wake kutoka Australia, Lionel Logue. Kabla ya hotuba ya redio ya tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani, Logue aliipitia karatasi, akaweka alama za mahali pa kutua na kuondoa baadhi ya maneno yaliyokuwa yakimkwamisha mfalme. Nawe utafanya hivyo, kwa masharti mawili: maneno yaliyobeba ujumbe wenyewe yasiguswe, na baada ya karatasi kukamilika usibadilishe neno lolote, hata ukisimama ukaona afadhali lingine.

Sasa tuangalie kinachotokea mdomoni, kwa sababu bila kukijua utabadilisha maneno yasiyo na kosa. P, T na K ni vipasuo ambavyo havina sauti. Kwenye P midomo miwili inafunga, kwenye T ncha ya ulimi inafunga nyuma ya meno, na kwenye K sehemu ya nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini. Hewa inazuiwa kidogo, halafu inaachiwa, na nyuzi za sauti zilizokuwa kimya zinaanza kutetema kwa ajili ya irabu inayofuata. Mtu anapokwama kwenye “Pendo”, P yenyewe kwa kawaida ameshaiunda, midomo imefunga sawasawa. Kilichokosekana ni kutoka kwenye P kwenda kwenye E: midomo inakazwa badala ya kuachiwa, mara nyingi zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, nalo linajifunga, na kadiri anavyosukuma ndivyo mlango unavyobana. Kwa hiyo mambo ya kutafuta ni mawili, midomo igusane kwa wepesi, na sauti iwe tayari inatembea kabla ya kufika kwenye P.

La pili ndilo linalohusu uchaguzi wa maneno, na hapo Kiswahili kinakupa msaada. Maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, na vitenzi vyake huanza na kiambishi cha nafsi, ambacho kwako wewe msemaji ni “ni” au “na”. Maana yake unaweza kuanza karibu kila sentensi kwa N, sauti ya puani ambayo inavutika na ambayo nyuzi za sauti zinatetema tangu mwanzo wake, kisha neno gumu likaja katikati ya sauti inayotiririka. Watu wenye kigugumizi hukwama zaidi mwanzoni mwa usemi kuliko ndani yake, na zaidi kwenye maneno yenye uzito wa maana kuliko kwenye viunganishi. Ukilitoa neno gumu mwanzoni ukalipa njia ya kupandia, umelipunguzia sehemu kubwa ya mzigo.

Tazama ulivyoandika. Sentensi ya kwanza inaanza na “Kwa”, ya pili “Kwetu”, ya tatu “Taaluma”, ya nne “Kazi”. Umeziweka K na T mlangoni mwa kila sentensi, mahali zilipo ngumu kuliko popote, na hakuna hata moja iliyolazimika kuwa pale. “Kwa majina” ni mazoea ya mikutano tu, halina kazi yoyote, lifute. “Naitwa Pendo” ni bora, lakini angalia kwa karibu: ndani ya “naitwa” kuna T hatua moja tu kabla ya P, yaani ulimi unafunga, na mara tu baadaye midomo inafunga. Jaribu “Mimi ni Pendo Kashindi.” Katika “mimi ni” hakuna hata mara moja ambapo sauti inazimika, M, M, N na irabu zake zinavuma mfululizo hadi mlangoni pa P. Wapo watakaoona “mimi ni” ni kavu kidogo kwa msichana anayesimama mbele ya wazee. Ukavu huo unaondolewa na salamu inayotangulia na cheo kinachofuata: “Mimi ni Pendo Kashindi, afisa mikopo wenu mpya.” Kwa kuwa cheo kimeshatajwa hapo, sentensi yako ya nne inapungua nusu.

Kwa kwenu, “Kwetu ni Kasulu, mkoani Kigoma” ina K tatu za kuanzia au kuanzisha neno kuu, na mkoa wa Kigoma hauhitajiki kwa wasikilizaji wanaojua Kasulu ilipo. Andika “Nimezaliwa Kasulu.” Kitenzi hicho nimekichagua kwa makusudi, N, M, Z, L na W zote zina sauti na zote zinaweza kuvutwa, tofauti na “ninatoka”, ambacho kina T na K katikati yake. Kwa elimu, “Nimesomea uhasibu Tabora” inatosha, nayo inalifuta neno “taaluma” lote. Kwa kazi, usianze na “kupokea na kukagua”, vitenzi viwili vizito vinavyofuatana ambavyo havimwambii mkulima kitu. Yeye anataka kujua aende kwa nani. “Maombi ya mikopo ya pembejeo yataanzia mezani kwangu.” Sentensi inaanza na M, na inasema jambo ambalo watalikumbuka.

Utaona kwamba nimeacha Pendo, Kashindi, Kasulu, Tabora na pembejeo. Hayo ndiyo maneno yaliyobeba ujumbe, na ungeyaondoa ungekuwa hujajitambulisha. Neno “pembejeo” ungeweza kulikwepa kwa kusema “mbegu, mbolea na dawa”, lakini mikopo yenyewe inaitwa hivyo kwenye fomu, na utalisema kila siku ofisini, heri ulizoee. Karatasi yako basi ingesomeka hivi:

“Habari za asubuhi, ndugu wanachama. Mimi ni Pendo Kashindi, afisa mikopo wenu mpya. Nimezaliwa Kasulu, na nimesomea uhasibu Tabora. Maombi ya mikopo ya pembejeo yataanzia mezani kwangu. Nawakaribisha ofisini.”

Kabla ya kuipokea, ihakiki kwa mdomo wako mwenyewe na si kwa nadharia yangu. Wapo watu wanaokwama kwenye M na N, na wapo wanaokwama kwenye irabu, kwa sababu kwao kufungwa kunatokea kooni. Wewe umesema P, T na K, lakini mara nyingi orodha ya herufi ambayo mtu anaiamini inatokana na hofu zaidi kuliko na yanayotokea. Jirekodi kwa simu unapozungumza na watu wawili watatu tofauti, kwa ridhaa yao, kisha sikiliza ukiweka alama chini ya kila neno ulilokwama kweli. Ikiwa alama nyingi zimeangukia mwanzoni mwa sentensi bila kujali herufi, karatasi hii itakufaa jinsi ilivyo. Ikiwa umekwama hata kwenye “Mimi” au “Nimezaliwa”, basi tatizo ni la kuanzisha sauti yenyewe, na utahitaji kazi zaidi kwenye pumzi kuliko kwenye maneno.

Pumzi nayo tuizungumze, kwa heshima zote kwa mama yako. Ushauri wa kuvuta pumzi ndefu unatolewa kwa upendo, ila mara nyingi humwongezea mwenye kigugumizi taabu. Mapafu yakijaa mpaka juu, mtu huishikilia hewa kabla ya kusema, na namna ya kuishikilia ni kulifunga zoloto, ambako ndiko kukwama kwenyewe. Vuta pumzi ya kawaida, kama ile unayovuta ukiwa unasoma gazeti, uiache ianze kutoka, na sauti iingie juu ya hewa ambayo tayari inatoka. Kwenye “Habari” H inakusaidia kuipata hali hii, kwa sababu yenyewe ni hewa inayotoka. Angalia tu usiivute mpaka hewa ikaisha kabla ya A.

Wepesi wa midomo unajifunza kwa kipande cha karatasi nyepesi, kama ya risiti. Kishike kwa vidole viwili, kining’inie mbele ya midomo kwa umbali wa upana wa kiganja. Sema “Pendo” kwa nguvu, na karatasi itaruka. Sasa sema tena huku midomo ikigusana kama mtu anayetaka kusema P lakini hana haraka ya kuifunga, hewa kidogo ivuje, na uende moja kwa moja kwenye E. Karatasi itatikisika tu. P hiyo itasikika laini kidogo, karibu ielekee kwenye F, na wewe utadhani kila mtu ataligundua hilo, lakini msikilizaji hawezi kulitambua ndani ya sentensi. Kwa K ya Kashindi na Kasulu karatasi haina msaada mkubwa. Weka kidole chini ya kidevu, karibu na koo, na usikilize misuli. Ikikakamaa kabla ya K, ulimi unasukumwa juu kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Fanya hivyo hivyo, mguso mdogo, kisha A ndefu kidogo.

Sasa jambo linaloharibu kazi yote hii, na ambalo sijaona mtu aliyeliepuka mara ya kwanza. Baada ya “Mimi ni”, utataka kutua. Utaitazama P kama mtu anayeutazama mtaro kabla ya kuuruka, utavuta hewa, kisha utajaribu. Ukishatua hapo, njia yako ya kupandia imekufa, na Pendo limekuwa mwanzo wa usemi mpya, mahali pagumu kuliko pote. Sema “Mimi-ni-Pendo” kama neno moja, irabu I ikiendelea kuvuma mpaka midomo iguse, na O ya mwisho iunganike na Kashindi. Tua baada ya “Kashindi”. Weka mstari wa wima kwenye karatasi hapo, na mwingine baada ya “mpya”, baada ya “Kasulu” na baada ya “Tabora”, na ndani ya sentensi sehemu nyingine usitue. Ili ujue kama unaunganisha, sikiliza rekodi: ukisikia ukimya wowote kati ya “ni” na “Pendo”, hata wa kufumba jicho, hujaunganisha bado.

Kuna kosa lingine linalofanana na hili. Mtu akikwama anarudi nyuma kuchukua mbio upya: “Mimi ni, mimi ni, mimi ni…” Kila marudio yanamfikisha pale pale akiwa na hewa pungufu. Vilevile usiongeze vianzio kama “yaani”, “kwa kweli” au “eeh” mbele ya neno gumu. Vinafanya kazi kwa majuma machache, kisha vyenyewe vinaanza kukwama, na unabaki na neno gumu pamoja na kianzio kigumu.

Ukikwama licha ya yote, na huenda ukakwama, kuna njia mbili zilizopangwa na Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe. Ya kwanza ni kujitoa ndani ya neno. Usirudi nyuma wala usisukume. Baki pale pale midomo ilipofunga, itambue ilivyokaza, ilegeze taratibu mpaka hewa ianze kuvuja, kisha telezea kwenye E na umalizie neno polepole. Ya pili inakuja baada ya neno kutoka kwa taabu. Limalize kwanza, tua kama sekunde tatu, kisha liseme tena kwa mguso mwepesi na uendelee. Hii ya pili ni ya mazoezi na ya mazungumzo ya watu wawili watatu. Ukumbini itumie kwa jina lako tu, tena ikiwa halikusikika vizuri, maana ukiirudia kwa kila neno hotuba itakatikakatika na watu watapoteza maana.

Kuhusu mazoezi, usikidanganye chumba chako. Watu wengi wenye kigugumizi husema bila tatizo wakiwa peke yao, kwa hiyo kuisoma karatasi mbele ya kioo mara mia hakukuambii lolote kuhusu siku ya mkutano. Ni kweli kwamba kurudia maneno yale yale mfululizo hupunguza kukwama, na hilo limejulikana kwa wataalamu tangu miaka ya 1930, lakini nafuu kubwa inapatikana katika marudio machache ya kwanza, na inapotea baada ya muda au wasikilizaji wakibadilika. Chumbani fanya mazoezi ya midomo, karatasi na kuunganisha. Maneno yenyewe yapeleke kwa watu: leo kwa dada yako, kesho kutwa kwa wenzako wawili wakati wa chai, wiki ya pili kwa watumishi wote ofisini. Mwombe katibu akuruhusu uingie siku moja kabla kwenye ukumbi, usimame pale utakaposimama, na useme yote huku yeye ameketi nyuma kabisa.

Katika wiki hizo tatu ongeza zoezi moja ambalo litakushangaza. Ukiwa dukani au stendi, mahali wasipokujua, jifanye umekwama kwa makusudi kwenye neno lisilokusumbua, kwa upole, bila kukaza: “N-n-naomba maji.” Mtazame muuzaji usoni. Kinachotafutwa ni kuona kwamba kigugumizi kinaweza kutokea ukiwa umetulia, na kwamba wewe ndiye uliyekiongoza. Watu wengi hulikataa zoezi hili mwanzoni kwa sababu maisha yao yote wamekuwa wakificha. Lifanye kabla ya kulikataa.

Lipo pia swali ambalo hukuniuliza, kama uwaambie wasikilizaji. Mimi ningesema. Sentensi moja baada ya salamu, “Nina kigugumizi, kwa hiyo baadhi ya maneno yatachukua muda,” inakuondolea kazi ya kuficha, na kuficha ndiko kunakokaza midomo kuliko herufi yoyote. Iseme kwa sauti ile ile utakayotumia kutaja Kasulu, wala usiombe radhi. “Mnisamehe” na “mnivumilie” huwafanya watu wakuonee huruma na kusahau ulichokuja kusema. Utagundua kwamba neno “kigugumizi” lenyewe lina K na G mbili, kana kwamba aliyelibuni alikuwa na nia mbaya na sisi. Likikukwama hapo hapo, utakuwa umewaonyesha mfano, na hakuna lililoharibika. Ikiwa hujawa tayari kulisema mbele ya ukumbi mzima, liseme kwa katibu na kwa mwenyekiti, na ombi lako kwao liwe moja: wasikumalizie neno. Mtu anapokumalizia “Pendo” kwa nia njema, wewe unabaki umesimama na neno ulilokuwa unaelekea kulitamka, na lijalo linakuwa gumu zaidi.

Mwombe pia mwenyekiti akuite mapema kati ya watumishi wapya. Kusubiri zamu huku wenzako wanne wakijitambulisha kwa ufasaha kunapandisha hofu kuliko kusema kwenyewe. Usimwombe akutajie jina kwa niaba yako, isipokuwa kama ndivyo anavyowatambulisha wote. Kipaza sauti kishike karibu na mdomo, ili usilazimike kuinua sauti, kwa kuwa anayeisukuma sauti husukuma na midomo. Ukisema “Habari za asubuhi”, ukumbi utaitikia. Usianze juu ya itikio lao. Subiri mpaka vumi litulie, uvute ile pumzi ya kawaida, na uingie na “Mimi ni”. Bila kukwama maneno yote yale yanakwisha chini ya nusu dakika. Panga kwamba yatachukua dakika nzima na mweleze hivyo katibu, ili asikupungie mkono wa kuharakisha.

Mwisho kuna mipaka ya haya niliyoandika. Yanahusu usemi uliopangwa. Mwanachama akinyoosha mkono na kuuliza riba ni asilimia ngapi, karatasi haitakufaa, na hapo utabaki na mguso mwepesi, pumzi ya kawaida na kutokimbia neno. Kigugumizi cha tangu utoto hakiondoki kwa wiki tatu, na katika utu uzima kwa kawaida hakiondoki chote. Kinachobadilika ni kiasi cha kukaza na kiasi cha kukwepa. Kwa kazi ndefu zaidi ulizia katika hospitali ya rufaa, idara ya masikio, pua na koo, kama wana mtaalamu wa tiba ya usemi au wanajua anakopatikana. Na ikiwa kuna msomaji mwingine ambaye kigugumizi kimemwanza ghafla ukubwani, hasa baada ya kuumia kichwa, au pamoja na kupooza upande mmoja au uso kwenda upande, huyo asifanye mazoezi ya karatasi. Amwone daktari siku hiyo hiyo.